"Same like" na "similar with": barua pepe ya kulinganisha wasambazaji inapomkwamisha msomaji

Wengi wetu tunaoandika barua pepe za ununuzi kwa Kiingereza tunapanga hoja kwa Kiswahili kwanza. Hilo si tatizo, mpaka tunapofika kwenye kulinganisha. Hebu tuangalie aya hii fupi, ambayo afisa ununuzi anamwandikia meneja wake kuhusu karatasi za kuchapia:

"The paper from Supplier A is same like Supplier B. The price of A is more than as B. Delivery is similar with Supplier C."

Sentensi ya kwanza na ya tatu zina makosa, ila meneja atazielewa. Ya pili ndiyo itakayomfanya apige simu kuuliza. "More than" inamwambia bei ya A imezidi ya B. "As" inamrudisha nyuma, kwa sababu kwenye bei huwa ni kipande cha "as high as", yaani bei zinalingana. Mwandishi ameanza na muundo mmoja akamalizia na mwingine, na msomaji hajui ashike upi. Kama bei imezidi, andika "A's price is higher than B's". Kama zinalingana, "A's price is the same as B's" inatosha.

Mchanganyiko huu hutokea sana tunapotaja mara ngapi. Tuseme A anauza kwa 300 na B kwa 150. Hapo muundo wa "as" mbili ndio unaofaa: "A's price is twice as high as B's". Epuka "two times more than", hata kama umeiona imeandikwa na wenye lugha yao. Wapo watakaoisoma kuwa 300, na wapo watakaochukua 150 kisha waongeze mara mbili yake, wapate 450. Kwenye barua ya kuomba idhini ya malipo, tofauti hiyo si ndogo.

Tukirudi kwenye "same like" na "similar with", chanzo chake ni "sawa na" na "kama". "Na" yetu inafanya kazi nyingi, na mara nyingi Kiingereza chake huwa ni "with", kwa hiyo mkono unaandika "with" wenyewe. Isitoshe, "compare A with B" ni sahihi kabisa, jambo linalozidi kutupotosha. Lakini "similar" hufuatwa na "to", na "the same" hufuatwa na "as". "Like" husimama peke yake bila "same": "A's packaging is like B's".

Kuna kosa jingine katika sentensi ya kwanza ambalo watu wachache hulishtukia: karatasi imelinganishwa na kampuni. Kwa Kiswahili tusingesema "karatasi za A ni sawa na B". Tungesema "na za B". Hiyo "za" ndiyo iliyopotea njiani. Kwa Kiingereza kazi yake hufanywa na "B's" au "those from B".

La mwisho ni la maana zaidi ya sarufi. "Sawa" yetu ni pana, inabeba vitu visivyotofautiana hata kidogo na vile vinavyokaribiana tu. Ukiandika "the same", meneja ana haki ya kuamini kwamba akichagua ya bei nafuu hapotezi chochote. Kwa hiyo taja kilicho sawa ni kipi. Kama uzito wa karatasi zote mbili ni 80 gsm lakini weupe unatofautiana, ni uzito tu ulio "the same". Vivyo hivyo "similar" pekee haisemi mengi. Weka namba kando yake.

Aya yetu sasa inasomeka hivi:

"Supplier A's paper is the same weight as Supplier B's (80 gsm), but B's is whiter. A's price is higher than B's. A's delivery time is similar to Supplier C's: 10 days against 12."

Kabla ya kutuma, nakili barua kwenye faili la kuandikia, bonyeza Ctrl+F, kisha tafuta "same", "similar" na "more", moja baada ya nyingine. Kwenye "same" usiishie kuangalia neno linalofuata papo hapo, maana "as" inaweza kuwa mbali, kama katika "the same payment terms and warranty period as B's". Umbali huo ndio unaofanya watu wengi waisahau. Na ukikuta "more cheaper", futa "more". "Cheaper" tayari ina "zaidi" ndani yake.