Kutangaza tu sio kujenga dharura, na dhana nyingine zinazokwamisha mabadiliko kazini

Kila nikiitwa mahali ambapo mabadiliko yamekwama nauliza hatua ya kwanza, ile ya kuwafanya watu waone dharura ya kubadilika, mliifanyaje, na jibu ni lile lile: "Tuliitisha mitingi, bosi akaongea, watu wakaelewa." Jamani, hilo ni tangazo. Mtu akishalisikia anarudi mezani kwake anaendelea kama jana.

John Kotter, profesa wa Harvard aliyezipanga hatua nane za kuleta mabadiliko mwaka 1995, aliweka kipimo kigumu: kama robo tatu hivi ya mameneja hawajaamini toka moyoni kwamba hali ya sasa haivumiliki, usiende hatua ya pili, ya kuunda timu ya kuongoza mabadiliko. Mameneja, sio bosi peke yake.

Kuna kampuni moja ilitaka maombi ya vifaa vya stoo yatoke kwenye karatasi yaingie kwenye sistimu. Bosi akatoa tarehe ya mwisho na kutishia barua za onyo, watu wakaogopa kweli, ila wakawa wanajaza karatasi kwanza ili wajilinde halafu wanaingiza zote kwa mkupuo, ukifungua sistimu unakuta maombi ya wiki nzima yameingia Ijumaa jioni. Ukiona hivyo jua ni woga tu, hakuna aliyebadilika. Tukachukua fomu moja ya kuomba beringi ya mashine tukaifuatilia meza kwa meza, kumbe ilikaa siku 9 ikisubiri saini na mashine imesimama muda wote huo. Tukawawekea mameneja wa fedha, stoo na uzalishaji ile ile fomu mezani, na tarehe za mihuri yake. Yule wa fedha, mpinzani mkubwa, ndiye aliyeuliza tunaanza lini. Kwa hiyo acheni slaidi, leteni ushahidi ambao mtu anaushika mkononi.

Eti timu ya kuongoza ni wakuu wa idara wote? Hapana. Vyeo vinahitajika ili maamuzi yapite, lakini kama yule karani wa stoo ambaye wenzake wote humuuliza yeye kwanza hayumo, timu yenu itaamua mambo na huko chini hakuna atakayeyafuata.

Halafu hii ya "tubadilishe utamaduni kwanza". Kwa Kotter utamaduni ni hatua ya nane, ya mwisho, kwa sababu watu hushika tabia mpya wakishaona imewasaidia. Kosa la upande wa pili ni kutangaza ushindi mapema: ile kampuni ilifanya sherehe maombi yalipoanza kupitishwa siku ile ile yanapoingizwa, meneja wa stoo akahamishwa, aliyekuja hakuelekezwa chochote, karatasi zikarudi kimya kimya. Mimi huwa nasisitiza vitabu vya fomu viondolewe kabisa na visichapishwe tena, sistimu iwe kwenye mafunzo ya kila mwajiriwa mpya, na anayepewa umeneja wa stoo awe mtu anayeitumia tayari.