Dietisyeni na nutrisyonisti: dhana zinazowapotezea vijana wetu miaka

Diploma yangu ya ISTM, chuo cha ufundi wa tiba hapa Bukavu, imeandikwa «lishe na dietetiki», maneno yote mawili kwenye mstari mmoja. Ndiyo maana kwetu hakuna anayejisumbua kuyatenganisha. Anayepima watoto kwenye kituo cha afya huitwa nutrisyonisti, anayepanga chakula cha mgonjwa wa sukari huitwa nutrisyonisti, na mara nyingi ni mtu yuleyule. Kwa kazi za hapa halina shida. Shida huanza siku kijana anapovuka mpaka na karatasi yake, kwa sababu kila nchi imeyafunga maneno hayo kwa namna yake.

Dhana: Nutrisyonisti ni mkubwa kuliko dietisyeni.

Hii tumeirithi kutoka Kifaransa. Ufaransa kuna madaktari waliosomea lishe wanaojiita nutrisyonisti, basi jina likachukua heshima ya daktari. Lakini huko jina lenyewe halilindwi, na mtu asiye daktari anaweza kulibandika mlangoni. Dietisyeni ndilo jina lililofungwa kisheria: unahitaji diploma inayotambuliwa na serikali, na lazima uandikishwe kwa mamlaka za afya kabla ya kugusa mgonjwa.

Dhana: Ukisoma digrii ya lishe Uingereza, hospitali itakupokea.

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu iliwapata watu wa nyumbani kwangu.

Binti wa kaka yangu alikwenda Uingereza na familia ya mama yake. Alipopata nafasi ya chuo alichagua digrii ya lishe, miaka mitatu. Chuo hakikumdanganya kwa neno lolote, ila hakuna aliyemwambia kinachokosekana. Alipomaliza akaanza kuomba kazi hospitalini. Kila tangazo la dietisyeni liliuliza kitu kimoja: namba ya HCPC. Akanipigia simu usiku.

«Shangazi, niko na digrii, nimepita vizuri. Hiyo namba wanaitoa wapi?»

HCPC ni baraza linaloandikisha wataalamu wa afya wa fani kadhaa, dietisyeni wakiwemo. Kule «dietisyeni» ni jina linalolindwa na sheria, na kulitumia bila kuwa kwenye rejista ni kosa la jinai. Ili uingie lazima uwe umesoma kozi ambayo HCPC yenyewe imeikubali, na kozi hizo zina kipindi cha mazoezi wodini chini ya dietisyeni aliyesajiliwa. Digrii ya mpwa wangu ilikuwa na biokemia na fisiolojia ya kutosha, ila hakuwahi kukaa kando ya kitanda cha mgonjwa. Darasa moja, vitabu karibu vilevile, na mlango umefungwa.

Njia iliyobaki ilikuwa shahada ya uzamili ya dietetiki inayotangulia usajili, ambayo kwa kawaida huchukua miaka miwili. Biokemia na fisiolojia zilimsaidia kukubaliwa. Kama angeifungua orodha ya kozi zilizokubaliwa kwenye tovuti ya HCPC kabla ya kulipa ada ya kwanza, angechagua digrii ya dietetiki moja kwa moja na kuokoa miaka hiyo.

Dhana: Rejista ni rejista tu, ukiwa kwenye yoyote inatosha.

Mpwa wangu alishikilia hii kwa wiki nzima. Uingereza kuna rejista nyingine, ya hiari, ya wataalamu wa lishe, inayosimamiwa na chama kinachoitwa AfN. Digrii yake ilitambuliwa huko, na akaweza kujiandikisha. Ni rejista ya heshima: walio humo hufanya kazi kwenye afya ya jamii, viwanda vya chakula, utafiti na mashirika. Lakini haimpi mtu haki ya kujiita dietisyeni, wala haijazi lile sanduku la namba ya HCPC kwenye fomu ya hospitali.

Wengine husema huo ni ukiritimba wa makaratasi. Mimi sikubali, na mfano wangu ni wa hapa kwetu. Chukua mtoto wa kilo 8 mwenye utapiamlo mkali aliyelazwa UNTI, wodi ya kutibu utapiamlo. Mwanzoni anapewa maziwa ya F-75, mililita 130 kwa kila kilo kwa siku. Hiyo ni mililita 1,040, au 130 kila mlo ukigawa mara nane. Mtoto huyohuyo akiwa amevimba mwili mzima, kipimo kinashuka hadi mililita 100 kwa kilo: 800 kwa siku, 100 kila mlo. Mama akimwona mwanawe amekonda atataka aongezewe, na mtu mwenye huruma lakini bila mafunzo ya wodi atamkubalia, au atamrukisha kwenye F-100, maziwa yenye nguvu zaidi, siku ya kwanza. Moyo wa mtoto huyo hauwezi kubeba mzigo huo. Utaona pumzi zinaongezeka kwa tano au zaidi kwa dakika na mapigo kwa ishirini na tano au zaidi: hapo chakula kimegeuka hatari. Kujua vyakula ni jambo moja, kulisha mgonjwa ambaye mwili wake umevunjika ni jingine, na hilo la pili hufundishwa wodini.

Dhana: Basi kila mahali nutrisyonisti hana sheria inayombana.

Ukiichukua kanuni ya Uingereza ukaenda nayo Nairobi, utaumia. Kenya ina sheria ya mwaka 2007 inayowashika wote wawili. Awe anajiita nutrisyonisti au dietisyeni, anatakiwa kusajiliwa na KNDI, taasisi ya Kenya inayosimamia fani hizo, na kuwa na leseni hai ndipo afanye kazi. Vijana wa Goma na Bukavu wanaofikiria Kenya waanze na KNDI, wapeleke diploma na orodha ya alama zikapimwe, kabla hawajamtafuta mwajiri.

Dhana: Diploma ya Kongo haifai kitu nje.

Si kweli, ila inapimwa. HCPC hupokea maombi ya waliosomea nje ya Uingereza. Wanalinganisha ulichosoma na viwango vyao, kipengele kwa kipengele, na uzoefu wa kazi unaweza kuziba pengo. Kama Kiingereza si lugha yako ya kwanza wanadai mtihani: kwa IELTS ni 7.0 kwa jumla, na hakuna sehemu iliyo chini ya 6.5. Wengi wetu tunakwama kwenye aina ya mazoezi. Stashi zetu, yaani mazoezi ya kazi tukiwa chuoni, nyingi ni za utapiamlo wa watoto, wakati wao wanataka pia figo, sukari, saratani na kulisha kwa mrija. Kwa hiyo ninyi mlio bado ISTM, ombeni stashi ya wodi ya watu wazima pia, na mwombeni msimamizi aandike kwa tarehe na kwa saa kile mlichofanya. Barua ya «alifanya stashi vizuri» haina cha kulinganishwa.

Na anayetaka kuhakikisha mtu, rejista ya HCPC iko wazi kwenye mtandao. Unaandika jina la ukoo, unachagua fani, na dietisyeni anatokea na namba inayoanza na herufi DT. Juzi mpwa wangu alinitumia picha ya skrini: jina la kaka yangu, halafu DT na tarakimu zake.