Mbwa anayehara wiki kwa wiki: chakula, biopsi na kupunguza prednisoloni

Mbwa wangu wa kilo 20 anahara, huu ni mwezi wa pili. Nimempa dawa ya minyoo bila mafanikio. Nimwanzishie prednisoloni, ile dawa ya kutuliza kinga ya mwili?

Bado. Kuhara kunakopita wiki 3 huhesabiwa kuwa sugu, na uvimbe sugu wa utumbo ni jina linalobaki baada ya mengine kuondolewa. Giadia, kimelea kidogo cha utumbo, kwa mfano, haifi kwa dozi moja ya dawa ya minyoo. Dhidi yake fenbendazoli hutolewa mg 50 kwa kila kilo ya mbwa, kila siku kwa siku 5. Damu nayo ipimwe albumini, ambayo ni protini ya damu, vitamini B12 na kotisoli, homoni ya tezi za adrenali zilizo juu ya figo. Hiyo kotisoli wengi huiruka. Mbwa ambaye tezi zake za adrenali zimedhoofika huhara na kukonda vilevile, na prednisoloni humpa nafuu ya haraka inayoficha ugonjwa wenyewe.

Wiki nzima amekula wali na kuku, hajabadilika. Si ndiyo nimeshajaribu chakula?

Hapana, kwa sababu kuku ameshamla maisha yake yote. Jaribio linataka nyama ambayo mwili wake haujawahi kukutana nayo. Kwa mbwa aliyelelewa kwa kuku, ng'ombe na dagaa, sungura anafaa: nyama ya kuchemsha isiyo na mifupa, pamoja na viazi, bila chumvi, kitunguu wala mchuzi wa unga. Badilisha taratibu kwa siku 4 au 5. Ukiweza kununua chakula cha dukani chenye protini iliyovunjwa vipande vidogo mno hata kinga ya mwili isivitambue, ni bora zaidi, maana chakula cha nyumbani hupungukiwa kalsiamu kikitumika kwa muda mrefu, hasa kwa mbwa ambaye bado anakua.

Mpe wiki 2 kamili. Mbwa wengi wenye tatizo hili hupona kwa chakula peke yake, na nafuu huonekana ndani ya muda huo. Jaribio huharibiwa na vitu vidogo: tonge la ugali wenye mchuzi kutoka kwa mtoto, jalala la jirani, kidonge cha minyoo chenye ladha ya nyama. Chakula cha kwanza kikishindwa, jaribu cha aina nyingine kabla ya kukata tamaa, ila kama anakonda haraka au albumini imeshuka, usisubiri.

Daktari anataka kufanya biopsi, yaani kuchukua vipande vya utumbo. Kuna ulazima?

Kama chakula kimeshindwa na vipimo vinamruhusu, ndiyo, na iwe kabla ya prednisoloni. Limfoma, yaani saratani ya seli za kinga, inaweza kuonekana kwa nje sawa kabisa na uvimbe wa kawaida. Dawa hii huisinyaza kwa muda, kisha vipande vikichukuliwa haionekani vizuri, na wiki za kuitibu ipasavyo zimepotea. Kwa endoskopi, mrija wenye kamera unaoingizwa hadi kwenye utumbo, mbwa akiwa amelazwa kwa nusukaputi, daktari huchukua vipande 6 au zaidi kila sehemu, kwa kuwa ugonjwa hukaa kwa mabaka. Upasuaji hutoa kipande kinene chenye tabaka zote, lakini albumini ikiwa chini ya gramu 20 kwa lita mshono unaweza kuachia.

Majibu ni uvimbe, si saratani. Dawa naanzaje, na naachaje?

Kwa mbwa wako, mg 1 kwa kilo ni mg 20 kwa siku, yaani vidonge 4 vya mg 5, pamoja na chakula. Atakunywa maji sana, atakojoa sana na njaa itamzidi. Hayo ni ya dawa. Usimnyime maji.

Choo kikikaa sawa kwa wiki 2 hadi 3, ondoa kidonge kimoja: mg 15 kwa wiki 2, kisha mg 10 wiki 2, kisha mg 5 wiki 2, halafu mg 5 siku moja na kuruka siku moja kwa wiki 2 nyingine, ndipo uache. Usikate ghafla. Tezi za adrenali zimelala muda wote alipopewa homoni kutoka nje, na zikikosa nafasi ya kuamka mbwa hulegea, hutapika na anaweza kuzimia.

Akianza kuhara tena alipofika mg 5, kwanza chunguza kama amekula kitu kingine, na kinyesi kipimwe upya. Kama hakuna, rudi mg 10 iliyokuwa inamtosha, kaa hapo wiki 3 au 4, kisha ushuke polepole zaidi. Akishindwa kushuka mara ya pili, daktari huongeza dawa nyingine ya kutuliza kinga, kama siklosporini, ili prednisoloni ipunguzwe.

Muda wote huo asipewe dawa za maumivu kama diklofenaki wala meloksikamu akichechemea. Zikikutana na prednisoloni zinaweza kutoboa tumbo, na dalili yake ni matapishi yenye damu au kinyesi cheusi kama lami. Apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo.