Je, wajua kwa nini "ningalijua, ningalikuja" haichukui "would have" pande zote mbili?

"Kwa Kiswahili nasema 'ningalijua, ningalikuja', na ngali inakaa huku na huku. Mbona nikiandika 'If I would have known, I would have come' nakatwa maksi?"

Kwa sababu kazi inayofanywa na ngali peke yake, Kiingereza kimeigawa. Upande wa sharti umepewa "had", upande wa matokeo umepewa "would have", na hakuna kubadilishana. Sentensi iliyo sawa ni hii:

*If I had known, I would have come.*

Ili mgawanyo huu usiwe wa kukariri tu, inafaa kujua umetoka wapi. Kiswahili kina viambishi maalumu vya mambo ambayo hayakuwa: nge na ngali. Ukivisikia tu ndani ya kitenzi, umeshajua kwamba msemaji anazungumzia jambo la kudhania. Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo. Kinachofanya ni kurudisha kitenzi nyuma hatua moja katika wakati, na kule kurudi nyuma ndiko kunakomwambia msikilizaji kwamba jambo si la kweli.

Tazama hatua zenyewe. "If I know, I will come" ni jambo linalowezekana: nikijua, nitakuja. Ukitaka kusema kwamba leo hii hujui, kitenzi kinarudi nyuma mara moja na kuwa "If I knew, I would come", yaani ningejua, ningekuja. Hapo "knew" ina sura ya wakati uliopita, lakini inazungumzia leo. Sasa ukitaka kusema habari za jana, "knew" imeshatumika, kwa hiyo inabidi kurudi hatua nyingine: "had known".

Upande wa pili nao umetembea vivyo hivyo. "Would" kwa asili ni umbo la wakati uliopita la "will", na halina pa kurudi zaidi ya hapo. Ndiyo maana ukifika kwenye habari za jana, mzigo wa wakati uliopita unabebwa na "have" pamoja na umbo la tatu la kitenzi: "would have come". Na kwa kuwa kitenzi kinachofuata "would" hubaki kama kilivyo, "have" haibadiliki hata mtendaji akiwa mmoja. Ni "she would have come", kamwe si "she would has come".

Kwa hiyo "would" si ngali. "Would" ni mtoto wa "will", na kama vile husemi "nitajua, nitakuja" unapoweka sharti la kawaida, bali "nikijua, nitakuja", Kiingereza nacho hakiiweki "would" baada ya "if" katika sentensi hizi.

Kuna mtego mmoja hapa kabla hata ya kufika kwenye Kiingereza. Sarufi ya shuleni inatenga nge kwa yale yanayoweza bado kutokea na ngali kwa yaliyokwisha kupita, lakini barabarani watu wengi hutumia nge kwa yote. Mtu akisema "ningekuwa na pesa ningenunua", anaweza kuwa amesimama dukani sasa hivi, au anasimulia mnada wa wiki iliyopita. Kiingereza kitakulazimisha uchague. Kabla ya kutafsiri, jiulize nafasi ya kununua bado ipo au imeshapita. Ikiwa ipo, ni "If I had money, I would buy it". Ikiwa imepita, ni "If I had had money, I would have bought it".

Hiyo "had had" huwashtua wengi wakadhani ni kosa la uchapaji, wakafuta moja. Tuichukue polepole kwa sentensi ya mvua:

*Tungalikuwa na mwavuli, tusingaliloa.*

Anza na ukweli wa mambo. Hatukuwa na mwavuli, na tukaloa. Sentensi ya namna hii kila mara inageuza ukweli: kilichotokea kinakanushwa, na ambacho hakikutokea kinakubaliwa. Kwa hiyo upande wa mwavuli hautakuwa na "not", na upande wa kuloa utakuwa nayo.

Sasa upande wa sharti. Kiswahili hakihitaji "kama", kwa sababu ngali imeshabeba sharti ndani yake. Kiingereza kinaihitaji "if", vinginevyo unapata "We had had an umbrella", ambayo ni taarifa tu kwamba tulikuwa na mwavuli. Baada ya "if" weka mtendaji, kisha "had". Hii ya kwanza ni kitenzi kisaidizi na haina maana ya kumiliki kitu. Kitenzi chenyewe ni "kuwa na", ambacho Kiingereza chake ni "have", na umbo lake la tatu ni "had". Zikae pamoja: "If we had had an umbrella". Moja ni ya wakati, nyingine ni ya mwavuli.

Kisha matokeo. Mtendaji, "would", "not", "have", halafu umbo la tatu la kitenzi. "Not" hukaa katikati ya "would" na "have", si baada ya "have". Tunapata:

*If we had had an umbrella, we would not have got wet.*

Mkato unawekwa kwa sababu "if" imetangulia. Ukianza na matokeo, mkato unaondoka: "We would not have got wet if we had had an umbrella".

Umbo la tatu ndilo linaloangusha hata wanaojua kanuni yote. Vitenzi vingi vina umbo la pili na la tatu linalofanana, kwa hiyo mtu huzoea kutumia la pili bila kuumia, mpaka akutane na "go", "come", "see" na wenzake. Ni "had gone", si "had went". Ni "would have seen", si "would have saw". "Come" ndiyo yenye hila zaidi, maana umbo lake la tatu linarudi kuwa "come" ileile, na "would have came" inaonekana nzuri kwa jicho ingawa si sahihi.

Kosa lingine linatokana na uhodari wa Kiswahili wenyewe. Sisi tunamaliza kauli ya kutendwa kwa herufi moja: ningaliambia, ningaliambiwa. Hiyo *w* ndogo inapotea njiani. Mtu anataka kusema "ningaliambiwa, ningalisubiri", anaandika "If I had told, I would have waited". Kwa maneno hayo mwambiaji ni yeye mwenyewe, na aliyekuwa aambiwe hajulikani. Kutendwa kunahitaji "been": "If I had been told, I would have waited". Kila kitenzi chako cha Kiswahili kikiishia na *-wa* ya kutendwa, tafuta "been" kwenye Kiingereza chako. Isipokuwepo, umegeuza aliyetenda na aliyetendwa.

Sasa, kama "If I would have known" ni kosa, mbona inasikika kwenye mazungumzo ya Waingereza na Wamarekani wenyewe? Kweli inasikika, hasa Marekani, ila kwenye maandishi rasmi husahihishwa. Sehemu ya sababu iko kwenye matamshi. Katika usemi wa kawaida "had" na "would" zote hufupishwa zikabaki herufi moja yenye ritifaa:

*If I'd known, I'd have come.*

Masikio hayatofautishi *'d* ya kwanza na ya pili, na mzungumzaji akiitaka kuinyoosha ile ya kwanza anaweza kuangukia "would". Wewe unaweza kuzitofautisha kwa kuangalia neno linalofuata. Ikifuatwa na umbo la tatu, kama "known", hiyo ni "had". Ikifuatwa na kitenzi kisichobadilika, kama "have" au "go", hiyo ni "would". Kufupisha huko huko ndiko kulikozaa "would of", kosa la wenye lugha yao: "would've" inatamkwa karibu sawa na "would of", basi wakaandika walichosikia. Usiwaige.

Wanafunzi wa sekondari hukutana pia na zoezi la kuandika sentensi upya kwa kuanza na "Had". Hapo "if" inaondolewa na "had" inaruka mbele ya mtendaji:

*Had we had an umbrella, we would not have got wet.*

Hakuna kingine kinachobadilika. Upande wa matokeo usiuguse, na usiweke alama ya kuuliza ingawa mpangilio unafanana na swali. Ukanushi ndio wenye sharti lake: "not" hubaki nyuma ya mtendaji bila kufupishwa. "Asingalichelewa, angaliwahi basi" inakuwa "Had he not been late, he would have caught the bus". Ukianza na "Hadn't he been late", sentensi inasomeka kama swali.

Limebaki jambo moja ambalo kanuni ya ngali kwa ngali inalificha. Pande mbili za sentensi si lazima ziwe za wakati mmoja. Mgonjwa aliyeruka dozi jana na leo bado ana homa, kwa Kiswahili cha shule atasema "ningalikunywa dawa jana, ningalikuwa mzima leo", na neno "leo" ndilo linalotuambia kwamba matokeo ni ya sasa. Akitafsiri kwa mkono uleule atapata "I would have been well today", ambayo inamtupa msikilizaji kwenye wakati uliokwisha. Kiingereza kinataka kila upande upewe wakati wake. Dawa ni ya jana, basi "had taken". Uzima ni wa leo, basi "would be" bila "have":

*If I had taken the medicine yesterday, I would be well now.*