Riba yako imepigwa kwa siku 360 au 365? Stetimenti yenyewe itakuambia

Benki haikuandikii popote kwenye stetimenti kwamba imegawa riba yako ya mwaka kwa siku 360 au kwa 365. Inakuonyesha tarehe, salio na kiasi ilichokata, basi. Lakini vitu hivyo vitatu, pamoja na asilimia ya riba mliyokubaliana, vinatosha kuliibua jibu. Kazi yangu ni kukagua mikopo ya kampuni, na hili huwa miongoni mwa mambo ya kwanza ninayoyatazama, hasa mkopo ukiwa umewahi kubadilishwa sarafu.

Sababu ni hii. Mikopo ya dola kwa kawaida huhesabiwa kwa siku halisi zilizopita, zikigawiwa kwa 360. Hata SOFR, riba rejea ya dola, hukokotolewa hivyo. Shilingi ya Kenya hufuata utaratibu wa 365, sawa na pauni ya Uingereza. Kwa hiyo 360 peke yake si wizi. Ikiwa mkopo ni wa dola na mkataba umesema 360, umekubali mwenyewe. Tatizo huanza pale mkataba unaposema 365 na mashine ya benki inagawa kwa 360.

Chukua mkopo mmoja niliowahi kuukagua, wa kampuni ya usafirishaji ya Mombasa, ambao tarakimu zake nimezifanya za mviringo. Ulianza kama mkopo wa dola, kisha ukahamishiwa kwenye shilingi: milioni 40, kwa riba ya asilimia 14 kwa mwaka. Mkataba mpya ulitaja siku 365 waziwazi. Kwa mwaka wa kwanza kampuni ilikuwa inalipa riba tu, deni la msingi halijaanza kupungua, na hiyo inarahisisha ukaguzi sana. Machi 2023 benki ilikata shilingi 482,222.22.

Hesabu yake ni ya kurudi nyuma. Zidisha salio kwa asilimia ya riba, zidisha kwa siku, kisha gawa kwa riba iliyokatwa. Kinachobaki ni idadi ya siku za mwaka iliyotumika. Kwenye Excel, weka tarehe ya kuanza kwenye A2, ya kumaliza kwenye B2, salio kwenye C2, asilimia kwenye D2 na riba iliyokatwa kwenye E2:

```
=C2*D2*(B2-A2)/E2
```

Kwa Machi tunapata 40,000,000 × 14% × 31, yaani 173,600,000. Ukigawa kwa 482,222.22 unapata 360. Kama benki ingefuata mkataba ingekata 475,616.44. Tofauti ni shilingi 6,605.78 kwa mwezi huo mmoja, na kwa mwaka mzima inafika 77,777.78. Asilimia 14 iliyoandikwa kwenye mkataba imegeuka kuwa 14.19 bila mtu yeyote kuitangaza.

Angalia tarehe unazoingiza. Siku ya kwanza huhesabiwa, ya mwisho haihesabiwi, kwa hiyo Machi inaanza 1/3 na kuishia 1/4. Ukiandika 31/3 Excel itakupa siku 30, na jibu litakuwa 348, namba isiyo na maana yoyote. Jibu lisilokaribia 360 wala 365 karibu kila mara linakuambia kwamba siku au salio uliloweka ndilo lenye kasoro.

Usiishie kwenye mwezi mmoja, tena usichague Aprili. Katika mwezi wa siku 30, benki inayogawa siku halisi kwa 360 na benki inayokata sehemu moja ya kumi na mbili ya riba ya mwaka kila mwezi zote zinakupa 466,666.67. Huwezi kuzitofautisha, na ni mambo mawili tofauti kabisa, kwa sababu ile ya pili haikuongezei hata senti ukifika mwisho wa mwaka. Februari ndiyo inayozitenganisha. Kwa siku 28, anayegawa kwa 360 atakata 435,555.56, wa 365 atakata 429,589.04, na anayekata kwa mwezi atarudia 466,666.67 ileile. Mkopo huu ulikatwa 435,555.56. Hapo nikawa na hakika. Lakini Februari 2024 ilikuwa na siku 29, na ukipima mwaka kama huo usishangae kukuta 366, kwani wako wanaogawa kwa siku halisi za mwaka.

Sasa nije kwenye mitego miwili ambayo imewapeleka wahasibu wazuri benki na madai yasiyosimama.

Wa kwanza ni wa wanaokatwa riba kwa robo mwaka. Siku 72 zikigawiwa kwa 360 ni sawasawa kabisa na siku 73 zikigawiwa kwa 365. Zote ni 0.2. Maana yake, katika kipindi kirefu, siku moja iliyohesabiwa mara mbili inaweza kujivika sura ya 360. Robo ya kwanza ya mwaka ina siku 90. Benki ikihesabu 91 kwa makosa na kugawa kwa 365, fomula yako itakupa 360.99. Mtu mwenye haraka ataikata iwe 360 na kuandika barua. Ukiona 361, tafuta siku iliyozidi kwanza. Kipindi kifupi kitakuonyesha ukweli: siku moja ikizidi katika mwezi wa siku 31, jibu linaporomoka hadi 353.6, na hakuna atakayelidhania kuwa 360.

Wa pili ni mbaya zaidi, na ni riba iliyojumlishwa kwenye deni. Tuseme kampuni haikulipa riba ya Januari, shilingi 475,616.44, nayo ikaongezwa kwenye salio. Riba halali ya Februari kwa 365 sasa ni 434,697.03. Wewe ukitumia milioni 40 kwenye fomula utapata 360.7, na utaapa kwamba umeibiwa. Dawa yake ni kuendelea na mwezi unaofuata. Kama na riba ya Februari haikulipwa, Machi itakupa 356.9, na itazidi kushuka. Benki inayotumia 360 kweli hukupa 360 mwezi baada ya mwezi, haitikisiki. Kwa sababu hiyo salio nalitoa kwenye stetimenti yenyewe siku kipindi kinapoanza, silitoi kwenye mkataba, na kama kuna marejesho yaliyoingia katikati ya mwezi nakigawa kipindi vipande viwili siku hiyo.

Hakikisha pia asilimia haikubadilika. Kwa mkopo huu, riba ingelazimika kupanda hadi 14.19 ili iige 360, na hakukuwa na ilani ya mabadiliko yoyote.

Barua tuliyoandika ilikuwa na kurasa mbili: kifungu cha mkataba kinachotaja siku 365, na jedwali la kila mwezi tangu mkopo uhamie kwenye shilingi, likionyesha kilichokatwa, kilichostahili na tofauti. Benki ilikubali kwamba mkopo ulipobadilishwa sarafu, mpangilio wa siku za mwaka ulibaki wa dola. Ofa yao ya kwanza ilikuwa jumla ya zile tofauti tu. Tuliikataa, kwa sababu kila mwezi riba ilikuwa inakatwa kutoka akaunti ya ovadrafti, na kila shilingi iliyozidi ilikuwa imeanza kutozwa riba ya ovadrafti tangu siku ile ile ilipokatwa. Ukidai, dai na hiyo, ukihesabu tangu tarehe ya kila makato.