Barua inayotangulia mashitaka

Desemba hapa Lubumbashi simu yangu haipumziki, maana kontra nyingi za asiransi zinakwisha tarehe 31. Mwaka jana, zikiwa zimebaki siku 12, mkurugenzi wa kampuni ya malori alinipigia: "Kaka, niko na mshirika ananisumbua. Hajanishitaki bado. Tungojee kabla ya kuambia asiransi?"

Nikamwambia asingoje. Asiransi ya wakurugenzi, ile inayomlinda mkurugenzi akidaiwa kwa makosa ya kazi yake, kwa kawaida inaangalia siku dai lilipofika, siyo siku kosa lilipofanyika. Kontra yake ni ya mwaka 1, lakini kwa OHADA, sheria ya biashara tunayotumia pamoja na nchi nyingine za Afrika, mshirika ana miaka 3 ya kumshitaki. Dai likija Machi, kontra ya zamani imekwisha, na asiransi mpya itasema: jambo hili mlilijua kabla ya kusaini.

Bahati nzuri kontra yake ilikuwa na kifungu cha kutangaza hali inayoweza kuleta dai. (Yako uisome kwanza, si zote zinacho.) Ukiitangaza kwa maandishi kabla ya mwisho, dai linalotokana na hali hiyo linahesabiwa limefika kontra ikiwa hai, hata likija mwaka unaofuata.

Barua aliyoniletea ilisema: "Tuko na kutoelewana na baadhi ya washirika, mashitaka yanaweza kutokea." Hiyo ni karatasi tupu. Nani? Kuhusu nini? Lini? Asiransi inaweza kusema haikutangaziwa kitu.

Tulikaa mezani tukaiandika upya. Tarehe 14 Juni kampuni iliuza malori 3 kwa shemeji ya mkurugenzi bila ruhusa ya washirika. Tarehe 9 Desemba, katika mkutano, mshirika mmoja, tukamtaja kwa jina, alisema bei ilikuwa nusu ya thamani, na kwamba atamwona mwanasheria. Hasara anayoweza kudai kwa niaba ya kampuni: kama dola 60 000. Tukaambatanisha mkataba wa mauzo na kumbukumbu za mkutano.

Mwenyewe alitaka kuongeza "ninasikitika kwa kosa langu". Nikalifuta. Barua inaeleza mambo yaliyotokea na yale mshirika anayosema. Haikubali kosa, na kontra nyingi zinakataza kulikubali bila asiransi kuridhia. Nilimwambia pia ukweli mchungu: hukumu ikithibitisha kwamba alijinufaisha mwenyewe, asiransi itajitoa. Mpaka hapo, mara nyingi inabeba gharama za mwanasheria.

Tuliipeleka kwenye anwani iliyoandikwa ndani ya kontra, siyo kwa ajenti anayemzoea. Tulirudi na nakala yenye muhuri, sahihi na tarehe: 22 Desemba. Katika fomu ya kontra mpya, penye swali kama anajua jambo linaloweza kuleta dai, aliandika "ndiyo". Bei ikapanda kidogo, akanung'unika.

Karatasi ya mahakama ilifika mwezi wa nne. Faili lilifunguliwa chini ya kontra ya zamani.