Kwa nini akaunti hufungwa dakika moja leo na saa nzima ukirudia

Mteja akinipigia na kusema, “Kaka, nywila ni hiyo hiyo, nimeiandika herufi kwa herufi, na bado inakataa,” mara nyingi anasema kweli. Akaunti ikishafungwa kwa muda, mifumo mingi haijali tena ulichoandika. Inaangalia saa tu. Muda haujaisha, jibu ni hapana, hata nywila ikiwa sahihi. Imewekwa hivyo makusudi, maana kama jibu lingebadilika pale mtu anapopatia, mwizi angeendelea kubahatisha huku akaunti imefungwa, akingoja siku atakayojibiwa tofauti.

Kinachohifadhiwa nyuma ya akaunti yako si kingi: idadi ya makosa mfululizo, na saa ambayo utaruhusiwa kujaribu tena. Ukiingia salama, hesabu inarudi sifuri. Ukikosea tena baada ya kufunguliwa, haianzi upya, inaendelea ilipoishia. Hapo ndipo watu wengi wanaposhangaa, kwa sababu wanadhani kufunguliwa ni kusamehewa.

Kwenye mifumo ninayoijenga mimi, kuanzia kosa la 5 muda unapangwa na mstari mmoja:

```python
dakika = min(2 ** (makosa - 5), 1440)
```

Kosa la 5 linakugharimu dakika 1, la 6 dakika 2, la 7 dakika 4, na kuendelea hivyo, kila mara maradufu. Kosa la 10 ni dakika 32. Mtu aliyesahau nywila yake kweli huwa ameshabonyeza “Umesahau nywila?” kabla ya kufika huko. Kosa la 15 ni dakika 1,024, zaidi ya saa 17, na kuanzia la 16 muda unagota kwenye dakika 1,440, yaani siku nzima.

Sasa mweke mwizi hapo, anayetafuta PIN ya tarakimu 4. PIN zote zinazowezekana ni 10,000. Bila kizuizi chochote, kompyuta inayojaribu mara 10 kwa sekunde inazimaliza kwa dakika zisizofika 17. Ukiweka kizuizi kisichobadilika, tuseme dakika 15 kila baada ya makosa 5, anabaki na majaribio 20 kwa saa, 480 kwa siku, na ndani ya wiki 3 amezipitia zote. Wiki 3 si kitu kwa programu isiyolala. Lakini kwa muda unaokua, akishafika kwenye kikomo anajaribu mara moja tu kwa siku, na PIN 10,000 zinamchukua zaidi ya miaka 27.

Wengine huniuliza kwa nini basi tusiifunge akaunti kabisa. Kwa sababu anayejua namba yako ya simu au barua pepe yako angeweza kukufungia kwa makusudi: akosee mara chache, aende zake, wewe ubaki kuhangaika na huduma kwa wateja. Hata hicho kikomo cha siku moja mimi nakiona kirefu kwa akaunti ya mshahara au hospitali. Huko nakipunguza, na kuongeza uthibitisho wa pili.

Kesi inayonisumbua kuliko zote haina mwizi ndani yake. Mtu anabadilisha nywila kwenye kompyuta ya ofisi, halafu simu yake, au tableti ya zamani iliyobaki nyumbani, inaendelea kuvuta barua pepe kwa nywila ya zamani kila baada ya dakika kadhaa. Makosa yanajilimbikiza usiku kucha, naye asubuhi anakuta imefungwa kabla hajagusa kitu. Dalili ni hiyo: akaunti inafungwa bila wewe kuandika chochote, na ikifunguliwa haichukui muda inafungwa tena. Kwenye mtandao wa Windows wa ofisini, fundi anatafuta tukio namba 4740 kwenye seva inayosimamia akaunti, na sehemu iliyoandikwa `Caller Computer Name` mara nyingi humwonyesha jina la mashine iliyosababisha. Ikiwa barua pepe zinapitia seva nyingine, jina litakuwa la seva hiyo, na itabidi aendelee kufuatilia kwenye kumbukumbu zake.

Microsoft Entra, huduma ya Microsoft ya kusimamia akaunti za kazini, wamelipunguza tatizo hili. Kwa mpangilio wa kawaida wanafunga baada ya makosa 10, dakika 1 mwanzoni na muda mrefu zaidi baadaye, lakini mfumo hukumbuka nywila 3 mbovu za mwisho, kwa alama zake zilizosimbwa, na kosa lile lile likirudiwa halihesabiwi tena. Simu inayong'ang'ania nywila moja ya zamani haikufungii, ilhali mwizi, ambaye lazima abadilishe kila mara, anahesabiwa.

Mwizi anayechukua nywila moja ya kizembe na kuijaribu mara moja moja kwenye akaunti elfu, hesabu hii haimwoni kabisa. Huyo namtafuta kwa kuhesabu makosa ya anwani ya mtandao anayotokea, si ya akaunti.